Jumla kuu ibaki machoni: Watch Window, dirisha la pili, seli ya kiungo au picha hai?

Kazi yangu ni kukadiria gharama za majengo, na faili la Excel ninalolitumia hapa ni la zabuni ya madarasa na bweni. Lina shiti 16. Shiti 14 ni za kazi zenyewe: Msingi, Kuta, Paa, Milango na kuendelea. Moja ni Bei, ambako bei zote za vifaa zimeorodheshwa mara moja tu, na nyingine ni Muhtasari, unaokusanya jumla za shiti zote. Seli inayoninyima usingizi ni moja, D24 ya Muhtasari. Hiyo ndiyo salio kati ya bei yetu na kikomo cha fedha alichotaja mwenye mradi. Ikiwa chanya, tuko ndani. Ikiwa hasi, tumetoka.

Tatizo ni kwamba kazi haifanyiki kwenye Muhtasari. Inafanyika Bei, kisha Paa, kisha Milango, na kila ukibadilisha namba unataka kujua salio limeguswaje. Wengi wetu tunatembea: Ctrl na Page Up mara kumi na kitu mpaka Muhtasari, unatazama, unarudi Ctrl na Page Down, na ukifika umesahau ulikuwa mstari wa ngapi. Nilifanya hivyo kwa miaka. Ubaya wake mkubwa si muda. Ukichoka kutembea unaanza kubadilisha namba tano kwa mkupuo ndipo ukatazame, na hapo hujui tena ni ipi kati ya tano iliyoleta balaa.

Njia za kuepuka safari hiyo ndani ya Excel ni nne: kidirisha cha Watch Window, dirisha la pili la faili lilelile, seli ya kiungo juu ya kila shiti, na picha hai. Zote nimezitumia kwenye faili hili hili. Nitaanza na ile ninayoishia nayo mara nyingi, kwa sababu ndiyo wachache wanaijua, kisha nitazipima nyingine dhidi yake.

Watch Window inavyowekwa

Simama kwenye seli unayotaka kuifuatilia, kwangu D24 ya Muhtasari. Nenda kichupo cha Formulas, sehemu ya Formula Auditing, bonyeza Watch Window. Kwenye Windows unaweza pia kubonyeza Alt, halafu M, halafu W, moja baada ya nyingine. Kinatokea kidirisha kidogo kinachoelea. Bonyeza Add Watch, kisanduku kitakuonyesha anwani ya seli uliyosimama, kisha Add. Basi. Ukihamia shiti yoyote kidirisha kinabaki palepale, na namba yake inabadilika papo hapo kadiri unavyoandika.

Kidirisha kina safu sita: Book, Sheet, Name, Cell, Value na Formula. Safu ya Name hubaki tupu kama seli haina jina, na hapo ndipo watu wengi hukosa nusu ya faida. Ukiwa na seli nne zinazofuatiliwa na zote ni D18, D21, D24 na G40, baada ya robo saa hukumbuki ipi ni ipi. Kabla ya kuongeza seli kwenye kidirisha, ipe jina: simama juu yake, bonyeza kisanduku cha anwani kilicho kushoto mwa mstari wa fomula, andika Salio, piga Enter. Sasa kidirisha kinasoma Salio badala ya kukutupia herufi na tarakimu.

Kidirisha kinachoelea kitakuudhi, maana kila mara kinakaa juu ya seli unayotaka kuandika. Kivute mpaka ukingo wa juu, chini ya menyu, au ukingo wa chini wa skrini, nacho kitajibandika hapo. Kisha punguza urefu wake hadi mistari mitatu au minne, na uzibane safu za Book na Formula hadi zikaribie kupotea. Kwenye laptopu ya inchi 14 hiyo ndiyo tofauti kati ya kukitumia na kukifunga.

Ukibonyeza mara mbili mstari wowote ndani ya kidirisha, Excel inakupeleka kwenye seli yenyewe. Na ufuatiliaji huhifadhiwa pamoja na faili la xlsx, kwa hiyo kesho hutaanza upya, utafungua kidirisha tu.

Asubuhi moja ya bei kupanda

Hebu tupite kwenye hesabu, maana ubora wa kidirisha hiki hauonekani mpaka uone namba zikitembea. Bei hizi ni za mfano, msizichukue kwenda nazo dukani.

Muhtasari wetu unafanya hivi: D18 inajumlisha shiti 14 za kazi, D19 inaongeza 5% ya dharura, D20 inatoza 18% ya kodi ya ongezeko la thamani juu ya hizo mbili, na D21 ni jumla kuu. D23 ni kikomo, shilingi 480,000,000. D24 ni kikomo kutoa jumla kuu.

Asubuhi D18 ilisoma 378,000,000. Dharura 18,900,000, kodi 71,442,000, jumla kuu 468,342,000. Salio basi lilikuwa 11,658,000. Tulikuwa tumestarehe.

Hapa kuna jambo la kushika mapema. Kila shilingi moja inayoongezeka kwenye kazi haipunguzi salio kwa shilingi moja. Inapitia dharura na kodi kwanza, yaani mara 1.05 kisha mara 1.18, ambayo ni 1.239. Kichwani huwezi kufanya hesabu hiyo kwa kila bei huku mwenzako anakusomea nyingine kutoka kwenye simu. Ndiyo maana unataka seli ikuambie.

Saruji ikapanda kutoka 16,500 hadi 18,000 kwa mfuko. Mifuko ni 1,900 kwa shiti zote. Nikaandika 18,000 kwenye Bei, na kidirisha kikashuka hadi 8,126,850. Nondo za milimita 12, vipande 1,240, zikatoka 24,000 hadi 27,500. Salio likawa 2,749,590. Mwenzangu akasoma bati: mwenye mradi amebadili mawazo, anataka bati nene zaidi, vipande 420, na tofauti ni 6,000 kwa kila kimoja. Nikaandika. Kidirisha kikasoma hasi 372,690.

Hapohapo tulijua, si saa sita mchana. Tulijua pia kwamba ni bati lililotuvusha mstari, ingawa saruji na nondo ndizo zilizokula zaidi. Ningekuwa natembea kwenda Muhtasari, ningeandika zote tatu kisha nikaone hasi bila kujua nianze kubishana na nani.

Tukaanza kutafuta pa kupunguza. Fundi seremala alikuwa amekubali kushusha milango 36 kutoka 185,000 hadi 170,000. Nikaenda shiti ya Bei, mstari wa 31, nikaandika 170,000, nikapiga Enter. Salio: hasi 372,690. Nikapiga tena nikidhani sikubonyeza vizuri. Hasi 372,690.

Kwangu mimi hiki ndicho kitu kikubwa zaidi ambacho Watch Window inafanya, na hakuna maelezo ya menyu yatakayokuambia. Namba inayobadilika inakupa habari, ila namba inayokataa kubadilika inakupa habari nzito zaidi. Milango 36 kwa punguzo la 15,000 ni 540,000; mara 1.239 ni 669,060. Salio lilipaswa kuruka hadi 296,370. Halikuruka, kwa hiyo kuna mahali uzi umekatika kati ya Bei na Muhtasari.

Nilikuwa nimeiweka pia G40 ya shiti ya Milango kwenye kidirisha, kwa jina JumlaMilango. Nayo ilikuwa imesimama kwenye 14,220,000. Hilo lilifupisha msako: kama JumlaMilango ingeshuka na Salio likagoma, kosa lingekuwa Muhtasari. Kwa kuwa yenyewe imegoma, kosa liko ndani ya Milango au kabla yake. Nikabonyeza mara mbili, nikafika, nikapanda hadi F12. Pale panapotakiwa kuwa na

```
=Bei!$C$31
```

palikuwa na 185000 tu, imeandikwa kwa mkono. Mtu fulani, na sitasema hakuwa mimi, aliwahi kujaribu bei akasahau kurudisha fomula. Nilipoirudisha, JumlaMilango ilishuka hadi 13,680,000 na Salio likapanda hadi 296,370, kama hesabu ilivyodai.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu nini kiwekwe kwenye kidirisha: usiweke jumla kuu peke yake. Weka na seli moja ya katikati ya njia, kwenye shiti unayoihariri saa hiyo. Ukihamia shiti nyingine, iondoe kwa Delete Watch na uweke ya shiti mpya. Zikizidi sita macho yanaacha kuzisoma. Kuna watu huchagua fomula zote za shiti kwa Go To Special na kuzimwaga zote ndani. Inawezekana, lakini unachopata ni orodha ndefu ambayo nayo inahitaji kufuatiliwa.

Mapungufu yake, na mawili yanayotibika

Kidirisha hakina rangi. Kama D24 imepangwa kuwa nyekundu ikiwa hasi, wekundu huo unabaki Muhtasari; ndani ya kidirisha unaona alama ya kutoa tu, na jicho lililochoka huiruka. Dawa ni kuunda seli nyingine, tuseme D25, inayosema kwa maneno:

```
=IF(D24<0,"UMEZIDI ","SALIO ")&TEXT(ABS(D24),"#,##0")
```

Fuatilia hiyo D25 badala ya D24. Neno UMEZIDI kwa herufi kubwa halirukwi.

Pili, kidirisha hakina kumbukumbu. Kinaonyesha sasa, hakionyeshi kabla. Ukipigiwa simu katikati na ukarudi, huwezi kujua kama 2,749,590 ni kabla ya nondo au baada. Ninachofanya ni kunakili D24 mwanzoni mwa kazi na kuibandika kama namba tupu kwenye D26, kisha D27 inasoma tofauti:

```
=D24-D26
```

D27 nayo naiweka kwenye kidirisha kwa jina Mabadiliko. Baada ya saruji ilisoma hasi 3,531,150. Kila nikimaliza kifaa kimoja nabandika upya D26, na Mabadiliko yanarudi sifuri tayari kwa kifaa kinachofuata.

Mengine hayana dawa, ni ya kujua tu. Kama ufuatiliaji wako unagusa seli ya faili jingine, mstari wake unaonekana pale tu faili hilo likiwa wazi. Ukilifunga unapotea machoni. Seli moja inaingia mara moja tu. Na kidirisha hiki hakimo kwenye Google Sheets wala kwenye Excel ya simu, kwa hiyo kama timu yako inaishi huko, sehemu yote hii ni ya kusikia tu.

Mtego mmoja utakaokudanganya waziwazi: hesabu ikiwa kwenye hali ya Manual, kidirisha kinaonyesha namba ya zamani kwa utulivu kabisa. Faili kubwa mara nyingi huwekwa hivyo kwa sababu ya uzito, na Excel huchukua hali ya faili la kwanza ulilofungua tangu uiwashe, hata kama faili lako halina hatia. Kwa hiyo namba ikigoma kubadilika, kabla ya kushuku fomula iliyokatika, tazama chini kushoto mwa skrini. Ukiona neno Calculate, piga F9 kwanza. Mimi siku ya milango nilipiga F9 mara mbili kabla ya kukubali kwamba kosa ni letu.

Dirisha la pili: unaona shiti nzima, unalipa nafasi

Njia hii ndiyo mpinzani halisi wa Watch Window. Nenda View, bonyeza New Window. Faili lilelile linafunguka mara ya pili; si nakala, ni faili moja lenye madirisha mawili, na ukiandika kwenye moja kunaonekana kwenye jingine. Kisha Arrange All, weka alama kwenye Windows of active workbook, chagua kama yakae juu na chini au kushoto na kulia. Dirisha moja liache Muhtasari, jingine ufanyie kazi.

Inachokupa ni muktadha. Kwenye Watch Window niliona salio limeshuka. Kwenye dirisha la pili ningeona pia kwamba mstari wa Msingi umepanda, wa Kuta umepanda zaidi, na wa Umeme haukuguswa, vyote kwa rangi zake na kwa mpangilio niliouzoea. Kama swali lako si "namba imekuwa ngapi" ila "kitu gani kimesogea", hili ndilo jibu. Pia ukiwa unaandika fomula inayochukua seli za shiti nyingine, unabonyeza tu dirisha la pili badala ya kuruka vichupo.

Unacholipa ni nusu ya skrini. Mwenye kioo kikubwa cha mezani, au laptopu iliyounganishwa na kioo cha pili, hatalihisi, na kwake ningesema aanze na njia hii. Mwenye laptopu peke yake atabaki na mistari kumi na kidogo ya kufanyia kazi, na shiti yenye mistari 200 inachosha kuipita kwa dirisha dogo kiasi hicho.

Kuna na kero ambayo imewauma wengi. Kwenye matoleo mengi ya Excel, dirisha jipya halirithi mistari uliyoigandisha kwa Freeze Panes wala mipangilio mingine ya muonekano. Ukimaliza kazi na ukafunga dirisha la kwanza, lile la asili, kisha ukahifadhi kutoka la pili, unakuta umepoteza ugandishaji wa shiti zote 16. Funga lile la pili kwanza, daima, ndipo uhifadhi. Na ukihifadhi yote mawili yakiwa wazi, atakayefungua faili baada yako atakutana na madirisha mawili na kudhani kompyuta yake ina wazimu.

Kwa mtumiaji wa Google Sheets njia hii ina binamu wake: fungua faili lilelile kwenye dirisha jingine la kivinjari, moja likae Muhtasari. Inafanya kazi vizuri, na huko hakuna cha kugandua.

Seli ya kiungo: ya kila mtu, lakini inaingia ndani ya faili

Hii ndiyo njia ya kale. Ongeza mstari mmoja juu ya kila shiti, andika fomula moja, gandisha mstari huo:

```
=Salio
```

Jina tulilolipa seli mwanzoni linatumika hapa pia, hulazimiki kuandika Muhtasari!D24.

Ubora wake ni kwamba haimtegemei mtazamaji. Inaonekana kwa mwenzako asiyejua Watch Window ni nini, inaonekana kwenye simu ya bosi aliye njiani, inaonekana ukichapisha karatasi, na inakubali rangi, kwa hiyo wekundu unafika kila shiti. Faili likiguswa na watu wanne kwa zamu, hakuna njia nyingine inayolingana nayo.

Lakini tazama tofauti ya msingi. Watch Window na dirisha la pili haviandiki kitu kwenye shiti zako. Ukivifunga, hesabu iko kama ilivyokuwa. Seli ya kiungo inabadilisha faili lenyewe. Mstari mpya juu unasukuma kila kitu chini. Fomula za ndani zitajirekebisha, ila makro iliyoandikiwa kuanza kusoma mstari wa 5 itasoma mstari usio wake, na mfumo mwingine unaotarajia vichwa vya safu kwenye mstari wa kwanza utakuta salio. Ukinakili shiti moja kwenda faili jingine, kiungo kinakwenda nayo, na miezi mitatu baadaye mtu anaulizwa kama anataka kusasisha viungo vya faili asilolijua. Na kama faili linakwenda kwa mteja, je, ungependa aone salio lako juu ya kila shiti? Sisi tuliwahi kusahau kuufuta mstari huo kwenye shiti mbili. Tuliligundua kabla ya kutuma, kwa bahati.

Kuiweka kwenye shiti 14 kwa mara moja, watu huzikusanya: bonyeza kichupo cha kwanza, shikilia Shift, bonyeza cha mwisho, kisha ongeza mstari na kuandika fomula, nayo inaingia kote. Kugandisha ndiko utakakofanya shiti moja moja. Sasa kabla ya kuinua mkono kwenye kibodi, bonyeza kulia kwenye kichupo na uchague Ungroup Sheets. Neno Group likiwa bado linaonekana kwenye kichwa cha dirisha, bei ya mlango utakayoandika kwenye F12 ya Milango itaandikwa kimyakimya kwenye F12 ya Msingi, Kuta, Paa na nyingine zote. Kosa hilo nimeliona kwa macho, na kulisafisha kulichukua muda mrefu kuliko zabuni yenyewe.

Picha hai, kwa ufupi

Nakili eneo, mathalani D18 hadi D24, nenda shiti nyingine, kisha Home, Paste, Linked Picture. Unapata picha inayojisasisha, yenye rangi na muundo wote, unayoweza kuisogeza popote. Inapendeza sana kwa ukurasa wa kuonyesha wakubwa, ambako unataka jedwali dogo likae kando ya chati.

Kwa kufuatilia seli wakati wa kuhariri, ni dhaifu. Inakaa kwenye shiti moja tu, kwa hiyo shiti 14 ni picha 14. Ukishuka chini inaondoka na karatasi, isipokuwa uwe umeibana ndani ya mistari iliyogandishwa. Inafunika seli zilizo chini yake, inachapishwa pamoja na shiti, na zikizidi faili huanza kusitasita kila unapoandika.

Uchukue ipi

Kama uko peke yako kwenye Excel ya Windows, skrini ni ndogo, na unachotaka ni namba mbili au tatu, chukua Watch Window bila kufikiri mara mbili. Haiachi alama kwenye shiti na haili nafasi. Zaidi ya yote, inakufanya ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa sababu jibu liko palepale.

Kama una kioo kikubwa, au kazi yako ni kuelewa hesabu ya mtu mwingine badala ya kuibadilisha, anza na dirisha la pili. Hujui bado ni seli gani ya kufuatilia, na Watch Window haiwezi kukuchagulia. Mara nyingi mimi hupita hapa kwanza kwa nusu saa kwenye faili geni, nikishajua seli zake za mishipa nalifunga na kuhamia kidirishani.

Kama faili linapita mikononi mwa wengi, au baadhi yao wanalifungua kwenye simu au Google Sheets, weka seli ya kiungo. Ila iamue mwanzoni, wakati shiti bado ni mpya. Kuichomeka kwenye faili lenye makro na umri wa miaka mitatu ni kutafuta kazi nyingine.

Hazigombani pia. Faili letu la zabuni leo lina seli ya kiungo kwenye shiti moja tu, Bei, kwa sababu ndiyo inayoguswa na kila mtu ofisini. Mimi juu yake nina kidirisha chenye mistari minne: D25 inayosema kwa maneno, Mabadiliko, jumla ya shiti ninayoihariri, na ya nne ni seli ya ukaguzi inayolinganisha mifuko ya saruji ya shiti zote na ile iliyoandikwa kwenye orodha ya manunuzi. Hiyo ya nne inatakiwa isome sifuri siku nzima. Wiki iliyopita ilisoma 40 saa nne asubuhi, nikiwa shiti ya Lipu, dakika moja baada ya kuongeza mstari.